Niliwaambia Kila Mtu Ashinde Mechi Zake

Tulikuwa watano kwenye kile chumba kidogo cha maktaba chenye ukuta wa kioo, ambacho wapita njia wanakuchungulia kama samaki. Kazi ya kikundi ya takwimu tulikuwa tumeshaigawana bila ugomvi. Huyu majedwali, yule utangulizi, mimi nikaangukiwa na sehemu ya makosa ya sampuli kwa sababu nilichelewa kufungua mdomo. Ilikuwa saa kumi na moja ya Novemba, na nje giza lilikuwa limeshakaa kitako. Nikafunga kompyuta, nikatupia begi begani, nikanyoosha mkono juu kama refa anayemaliza mpira, nikasema kwa madaha yote:

"Jedem das Seine!"

Husomwa "yedem das zaine". Kila mtu na chake.

Kimya.

Kimya cha mtu asiyeelewa nakijua vizuri, maana miezi yangu sita ya kwanza Erfurt niliishi ndani yake. Asiyeelewa huinama mbele, hukunja uso, huomba urudie. Hawa waliegemea nyuma. Dada wa Leipzig akaanza kuviringisha waya wa chaji yake, akauviringisha, akaufungua, akauviringisha tena. Kijana wa Poland alinitazama usoni muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu, kisha akageukia kioo. Mwenye miwani akasema, "Sawa, basi, Alhamisi," na wote wakatoka kama watu waliosikia kengele ya moto.

Nilibaki mkono ukiwa bado nusu juu.

## Ile stika ya refa

Chimbuko lake mnalijua. Kwenye kikundi chetu cha familia cha Wasapu hakuna siku inayopita bila mtu kuambiwa ashinde mechi zake. Binamu akilia kuhusu kodi ya nyumba, anatumiwa stika ya refa na filimbi mdomoni. Shangazi akiuliza nani atachangia harusi, stika. Mimi ndiye niliyeitengeneza ile ya refa mwenye kitambi, na nakiri kwamba najivunia.

Kwenye lugha ya ugenini utani ndio unaochelewa kufika. Unaweza kununua mkate, kujaza fomu za bima, hata kugombana na fundi wa mabomba, na bado usiwe umemchekesha mtu hata mmoja. Nilikuwa nimechoka kuwa yule Mtanzania mpole anayetabasamu. Nikaamua kuhamisha mzaha wangu wa nyumbani kwa Kijerumani.

"Kila mtu ashinde mechi zake" haitafsiriki neno kwa neno, ingewaletea picha ya uwanja tu. Nikarudi nyuma hatua moja, kwenye "kila mtu na lake", nikatafuta kwenye kamusi ya mtandaoni. Ikanipa maneno matatu, mafupi, yenye mdundo. Kuhakikisha, nikaangalia picha zinazosambaa nayo. Nikakuta paka kalala kwenye kitanda cha mbwa, mbwa kajibana ndani ya boksi, na juu yao maneno yale yale. Tena wiki mbili kabla nilikuwa nimemsikia mama mmoja kantini akimwambia mwenzake aliyepaka haradali kwenye viazi. Nikasema hii hapa. Imepimwa na kamusi, na paka, na mama wa kantini.

## Nilivyojipa majibu

Usiku ule nilianza na sarufi, kimbilio la kila mwanafunzi wa lugha. Labda nilikosea kiishio, labda ilitakiwa "das Ihre" kwa sababu kulikuwa na wanawake mezani. Nilikaa hadi saa saba na daftari la kozi nikajiridhisha kwamba nilikuwa sahihi. Hata herufi kubwa ya neno la mwisho ilikuwa mahali pake.

Kisha nikaenda kwenye rangi. Mtu mweusi Ujerumani ya mashariki hawezi kukutana na kimya asilipitie wazo hilo. Lakini halikukaa. Watu hawa hawa walikuwa wamenisaidia kuhama chumba, mmoja alibeba godoro langu kichwani kama anatoka Kariakoo.

Jibu la tatu lilinituliza. Nikafikiri wamenielewa kama mvivu, kwamba nawaambia kila mtu apambane kivyake na mimi nisiulizwe. Hilo lina dawa. Asubuhi nikafungua kikundi chetu cha kazi, nikaitafuta ile stika ya refa mwenye kitambi, nikafuta Kiswahili chini yake, nikaandika yale maneno matatu kwa herufi nyekundu, nikatuma. Nikaongeza kikatuni kinacholia kwa kicheko ili mzaha ueleweke.

Alama za bluu zikatokea, mbili, nne, zote.

Baada ya nusu saa yule wa Leipzig akaniandikia pembeni: "Tafadhali ifute hiyo picha. Tuonane leo. Siyo jambo la simu."

## Kwenye benchi

Tulikaa nje ya kantini, kwenye benchi lenye maji ya mvua, kila mmoja kakalia folda yake. Hakuzunguka.

"Hayo maneno yako kwenye lango la Buchenwald."

Jina nilikuwa nalijua, kambi ya mateso ya Wanazi. Kutoka Erfurt hadi Weimar ni robo saa kwa treni, na kituoni Weimar nilishaona vibao vya kuelekea kambini. Ila nilichokuwa nimebeba kichwani ni lile lango la Auschwitz lenye maneno ya kazi na uhuru, ambalo hata sisi tumeliona kwenye picha. Sikujua kwamba si kambi zote zilikuwa na maneno yale yale. Na maneno ya Buchenwald ni ya kawaida kiasi kwamba kamusi haioni haja ya kukuonya.

"Nilidhani unajua," akasema.

"Ningekuwa najua ningesema?"

"Wapo wanaosema kwa sababu wanajua."

Akanisimulia kisa cha mtu mmoja, mwaka 2015, aliyevua shati kwenye bwawa la kuogelea la hadhara mjini Oranienburg, na mgongoni mchoro wa kambi na chini yake maneno haya haya. Huyo alishtakiwa, akahukumiwa. Maneno yenyewe hayajapigwa marufuku moja kwa moja kama zilivyo baadhi ya kaulimbiu za Wanazi. Mahakama inaangalia nani anasema, wapi, na yako pamoja na nini. Ndiyo maana mezani hakuna aliyejua aniweke fungu gani. Mwafrika, mkono umenyooshwa juu kama saluti ya Wanazi.

Mkono! Huo nilikuwa sijauwaza kabisa. Refa wangu.

Nikamuuliza kwa nini basi hawakunikemea pale pale. Alikaa kimya kidogo, akacheka bila furaha. Mwenye miwani alitegemea yeye aseme. Yeye aliona ni aibu Mjerumani kumsomesha Mwafrika kuhusu ubaguzi, akategemea mwenye miwani. Wa nne alifikiri labda ni nukuu ya kitabu. Na kijana wa Poland hakutegemea mtu. Babu wa mama yake alipita kwenye lango lile, akarudi nyumbani na mapafu mabovu, na kwao jina la Weimar halitajwi wakati wa kula.

Kila mtu alibaki na lake.

## Basi namba 6

Jumamosi iliyofuata nilikwenda. Sikumwambia mtu.

Kutoka kituo cha Weimar unapanda basi namba 6. Linapita mjini, mji mzuri wa washairi wenye sanamu na maduka ya vitabu, halafu linaanza kupanda kilima cha Ettersberg katikati ya msitu. Barabara ile ilijengwa na wafungwa, na huitwa Barabara ya Damu hadi leo. Safari nzima ni kama dakika ishirini. Nilikuwa nimejiandaa kwa umbali. Kitu ambacho mji ungeweza kusema haukukiona, nilidhani kingekuwa mbali zaidi.

Lango ni dogo. Nilitarajia jambo la kutisha, nikakuta jengo refu lenye mnara mfupi wa mbao, saa iliyosimamishwa kwenye saa tisa na robo, na mlango wa chuma unaotosha watu wachache kupita kwa pamoja. Saa ile inaonyesha mchana wa 11 Aprili 1945, kambi ilipokombolewa.

Nikasogea kusoma. Sikuweza.

Herufi zilikuwa kinyume. Nilisimama pale nje kwenye theluji kama mtu anayesoma gari la wagonjwa bila kioo, nikidhani nimekuja upande mbaya. Nilikuwa upande mbaya kweli. Maneno yale yamefungwa yaangalie ndani, kuelekea uwanja wa kuhesabiwa. Aliyeingia akitokea nje hakuandikiwa yeye. Yanasomeka sawasawa kwa mtu aliyekwisha kuwa ndani, mlango umefungwa, kasimama kwenye safu asubuhi na jioni akihesabiwa, macho yake hayana pengine pa kwenda.

Nikapita, nikageuka. Sasa yalisomeka.

Kwenye kamusi yalikuwa na maana ya kuachiana nafasi, wewe na viazi vyako, mimi na vyangu. Kutoka pale nilipokuwa nimesimama yalisema umepata unachostahili. Yaliwekwa mwanzoni mwa 1938. Hadi vita inaisha walipita kambi ile karibu watu 280,000, na kama 56,000 kati yao hawakutoka hai.

Mchoraji wa herufi zile alikuwa mfungwa pia. Franz Ehrlich, mkomunisti, aliyewahi kusoma Bauhaus, ile shule ya usanifu ambayo Wanazi waliichukia hadi ikafungwa mwaka 1933. Aliamriwa abuni maandishi ya lango, naye akayachora kwa mtindo wa walimu wake wa Bauhaus, wepesi, wa mviringo, wa kisasa. Maafisa wa SS, kikosi cha Wanazi kilichoendesha kambi, hawakugundua, au hawakuijua sanaa waliyoipiga vita. Waongozaji wa wageni wanapenda kukisimulia kama kisa cha mtu aliyewacheka mabwana zake machoni pao. Na mimi nilikipenda, mpaka niliposoma kwamba aliachiwa mwaka 1939, kisha akaendelea kuchorea ofisi ya ujenzi ya SS. Mtu anayechora maneno kama yale, kwa uzuri kama ule, alikuwa anawaza nini? Nilikwenda pale nikitaka mtu mmoja mwenye mikono safi. Sikumpata kirahisi.

Niliyemkuta ni kijana wa Erfurt. Gert Schramm alizaliwa 1928 kwenye mji huu huu ninaonunulia mkate, mama Mjerumani, baba Mmarekani mweusi. Mwaka 1944, akiwa na miaka 15, aliletwa Buchenwald, akatupwa kwenye machimbo ya mawe. Wafungwa wakubwa wakamtafutia kazi nyingine, na wakati wa kuhesabiwa walimsimamisha katikati ya kundi ili rangi yake isionekane kwa mbali. Alinusurika, akaishi hadi 2016. Kumbe kichwa cheusi kilishawahi kuyasoma yale maneno kutoka upande ule, kila siku, juu ya mabega ya watu waliokuwa wanamficha.

Kwenye uwanja kuna bamba la chuma lililolazwa ardhini, limeandikwa majina ya mataifa ya waliofungwa pale. Wasanii wawili, Horst Hoheisel na Andreas Knitz, waliliweka mwaka 1995. Kila mahali palikuwa na theluji isipokuwa juu yake. Baba mmoja alikuwa amepiga magoti na mwanawe, wameweka viganja. Nikavua glavu nikaweka changu. Linapashwa moto mwaka mzima, nyuzi 37. Joto la mtu.

Niliweka mkono pale muda mrefu. Mkono ule ule wa refa, lakini wakati ule sikuwa nawaza hivyo, nilikuwa naona baridi tu.

## Lakini maneno yana kosa gani?

Nisidanganye kwamba nilirudi nimeshuka moyo na kuelewa yote. Nilirudi na ubishi.

Maneno yale ni ya Warumi. Wanasheria wao walikuwa wakisema haki ni kumpa kila mtu kilicho chake, miaka elfu mbili iliyopita. Wafalme wa Prusia waliyaweka kwa Kilatini kwenye nishani yao ya Tai Mweusi mwaka 1701. Mwaka 1715 Bach, akiwa Weimar hapo hapo, chini ya kilima kile kile, alitunga muziki wa kanisani unaofungua kwa maneno hayo, kuhusu kumpa Kaisari kilicho cha Kaisari. Na polisi wa jeshi la Ujerumani hadi leo wanayavaa kwa Kilatini kwenye bereti zao. Kwa nini basi genge lililotawala miaka kumi na miwili liachiwe maneno ya miaka elfu mbili?

Nilimpelekea hoja hii yule wa Leipzig nikidhani nimempata. Akasema hata wao hawajamaliza kubishana. Kisha akaniambia kuhusu Nokia. Mwaka 1998 walitaka kuwauzia Wajerumani vifuniko vya simu vya kubadilisha rangi, kila mtu achague chake, wakabandika mabango yenye maneno hayo nchi nzima. Malalamiko yalipokuja wakayaondoa. Mwaka 2009 Tchibo na Esso wakatangaza kahawa kwenye vituo vya mafuta kwa kuyapindisha kidogo tu, nao wakayaondoa.

Nikapumua. Kumbe hata wenyewe wanakosea!

"Ndiyo," akasema, "na wewe unafurahi. Yeye je?" Akaonyesha kwa kidevu meza ya dirishani, alikokuwa amekaa kijana wa Poland na supu yake.

Nilikwenda kumwomba radhi siku hiyo hiyo. Nilikuwa nimeandaa sentensi nne za Kijerumani kizuri. Alisikiliza mbili, akasema inatosha, akasogeza kiti. Akaniuliza sehemu yangu ya makosa ya sampuli imefika wapi. Haikuwa imefika popote.

## Jikoni kwetu

Kilichonisumbua wiki zote hizi, na ndicho kilichonikalisha kuandika, kilitokea baadaye, kwenye jiko tunalotumia watu saba. Mmoja wa saba ni dada wa Eldoret. Tunapika ugali pamoja Jumapili, tunabishana unga upi, ananicheka nikisema "naomba" kwa kila kitu. Nilimsimulia yote, lango, herufi, bamba la moto, nikamalizia kwa kushangaa jinsi neno la kwenye kamusi linavyoweza kuwa na tumbo la pili.

Aliendelea kukata sukuma. Kisha akasema, "Sikiza. Unakumbuka siku ulipokuwa unasugua ukuta wa jiko?"

Sikukumbuka.

"Ulikuwa umeshika kitambaa, unaimba. Ukasema leo tunaondoa madoadoa yote humu ndani."

Nikamwambia ndiyo, mafuta yalikuwa yamerukia vigae, madoa kila mahali. Bado sikuona kitu. Ni Kiswahili changu, nimezaliwa nacho, sikukitoa kwenye kamusi yoyote.

Akaweka kisu chini. Akanieleza kwamba kwao Bonde la Ufa, kwenye kampeni na mikutano ya miaka ya tisini na tena kuelekea 2007, madoadoa walikuwa watu. Waliohamia kutoka kwingine, wa kabila lingine, wanaochafua rangi moja ya mahali. Kuondoa madoadoa ilikuwa kuwaondoa, na mwanzoni mwa 2008 waliondolewa, kwa mapanga na kwa moto. Mwaka 2022, uchaguzi ulipokaribia, tume ya uwiano ya Kenya iliweka neno hilo kwenye orodha ya maneno ya chuki, na mwanasiasa aliyelitamka jukwaani, Eldoret hapo hapo, alikamatwa.

"Nyumba yetu ilichomwa nikiwa na miaka saba," akasema. "Sisi ndio tulikuwa hayo madoadoa."

Nikamuuliza alifanya nini siku ile, niliposema.

"Nilitoka nje kidogo. Halafu nikarudi, ugali ulikuwa unaungua."

"Mbona hukuniambia, dada?"

"Ningekuambia nini? Ulikuwa unasafisha jiko."

Akachukua kisu. Mimi nikachukua mwiko, maji yalikuwa yameanza kuchemka, na sikuwa na sentensi hata moja niliyoiandaa.